Kisu cha meno mawili au cha meno manne: meza iende kwa kasi gani?

Shafti iliyoletwa karakanani kwetu Ngamiani, Tanga, asubuhi ile ilikuwa ya kipenyo cha mm 35. Ilitoka shamba la mkonge upande wa Muheza, na njia ya kii, ule mfereji wa kipande cha chuma kinachoshikanisha shafti na puli, ilikuwa imelika upande wa puli mpaka kii inacheza kama jino bovu. Tuliamua kuchimba nyingine upande wa pili. Kwa vipimo vya metriki, shafti ya zaidi ya mm 30 hadi mm 38 inachukua kii ya upana wa mm 10 na kimo cha mm 8, na njia yake kwenye shafti inachimbwa mm 5 kwenda chini. Sandukuni mlikuwa na visu viwili vya milingi, mashine ambayo kisu kinazunguka na meza inakiletea kazi. Vyote vilikuwa vya mm 10 na vya haispidi, chuma kigumu cha kukatia. Kimoja kina meno mawili, kingine manne. Kijana wetu mmoja, mkerezaji mzuri tu ila kwenye milingi bado mgeni, akavishika vyote viwili kiganjani.

"Fundi, nifunge kipi? Na fidi niweke ngapi?"

Kwake yalikuwa maswali mawili. Mashine inayaona kama moja, kwa sababu ukibadilisha kisu bila kugusa fidi, yaani mwendo wa meza, umeshabadilisha kazi inayofanywa na kila jino, hata kama wewe unaona ni kazi ileile.

Mkerezaji anapotegwa

Kwenye mashine ya kukereza fidi inahesabiwa kwa mzunguko. Ukiweka 0.1, kisu kinasogea mm 0.1 kila kazi inapozunguka mara moja, na ukipunguza mwendo wa spindo, ule mhimili unaozunguka, mwendo wa kisu nao unapungua kwa sababu gia zimeviunganisha. Aliyezoea hivyo anaamini fidi inajirekebisha yenyewe.

Milingi nyingi za karakana hazifanyi hivyo. Meza ina gia zake au mota yake, na namba zilizoandikwa kwenye kibao ni milimita kwa dakika. Ukishusha mwendo wa spindo hadi nusu, meza haina habari. Inaendelea kuja na kasi yake ileile, na kila jino linakuta chuma kimesogea mara mbili ya mwanzo kabla zamu yake haijafika. Ndiyo maana kwenye milingi lazima uhesabu mwenyewe:

```
Vf = fz × z × n
```

`Vf` ni mwendo wa meza kwa milimita kwa dakika. `fz` ni kiasi ambacho meza inasogea kwa kila jino linalopita, yaani tonge la jino moja. `z` ni idadi ya meno, na `n` ni mizunguko ya spindo kwa dakika. Hakuna siri ndani yake: tonge moja, mara idadi ya walaji, mara idadi ya duru kwa dakika.

Wanaotumia mashine za kompyuta wana njia zote mbili. Kwa spindo ya mizunguko 800 na kisu cha meno mawili, mistari hii miwili inatoa mwendo uleule, wa kwanza kwa dakika na wa pili kwa mzunguko:

```
G94 F64
G95 F0.08
```

Sisi tulikuwa na mashine ya mikono na vishikio, kwa hiyo tukarudi kwenye chaki.

Kupata n na fz kabla ya kulinganisha

Mizunguko ya spindo inatokana na kasi ya ukingo wa kisu, na hiyo haijali meno ni mangapi. Haispidi kwenye chuma laini inavumilia mita 20 hadi 30 kwa dakika. Mimi huanzia 25. Kisu cha mm 10 kina mzingo wa mm 31.4, kwa hiyo 25,000 gawa kwa 31.4 inakupa karibu 796. Kwenye mashine yetu kishikio kinaruka 500, 630, 800, 1000. Tukaweka 800, na hiyo ikawa ya visu vyote viwili.

Tonge la jino ndilo linalotaka akili ya fundi. Kwa haispidi ya mm 10 kwenye chuma laini, mm 0.03 hadi 0.05 ni eneo salama, na tuliandika 0.04. Ni nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, au chini kidogo ya hapo. Namba hii ina mipaka miwili. Ikizidi, jino linapinda, linameguka au kisu kizima kinakatika shingoni. Ikipungua sana, jino halikati. Linateleza juu ya chuma na kukisugua, joto linapanda, na makali yanaisha bila kazi ya maana kufanyika. Vijana wengi wanaujua mpaka wa kwanza tu, ndiyo maana wakiogopa wanapunguza fidi mpaka wanaangukia wa pili.

Sasa hesabu zenyewe, kwa visu viwili kando kwa kando. Fidi za mashine yetu zinaruka 31.5, 40, 50, 63, 80, 100, 125, 160, 200, kwa hiyo safu ya tatu ni namba ya karibu tuliyoweza kuweka kweli, na ya nne ni tonge lililopatikana baada ya kulazimika kuchukua namba hiyo.

| Kisu cha mm 10, spindo 800 | Hesabu | Fidi ya kibao | Tonge halisi la jino |
|---|---|---|---|
| Meno mawili | 0.04 × 2 × 800 = 64 | 63 | mm 0.039 |
| Meno manne | 0.04 × 4 × 800 = 128 | 125 | mm 0.039 |

Kijana akaona 125 akatabasamu. "Basi cha manne, fundi. Kinamaliza nusu ya muda."

Kwenye karatasi, kweli. Lakini jedwali halijui jino limezama kwenye nini.

Ndani ya njia ya kii: meno mawili

Njia ya kii ni mfereji. Kisu cha mm 10 kinachimba upana wa mm 10, maana yake kuta mbili zimekibana, na nusu nzima ya mzunguko wa kila jino iko ndani ya chuma. Hapo yanatokea mambo mawili yanayokiangusha cha manne.

La kwanza ni maranda. Mfereji ulio kati ya jino na jino ndio mfuko wa kubebea maranda mpaka jino litoke nje. Cha meno mawili kina mifuko miwili mikubwa. Cha manne kina minne, lakini myembamba, kwa sababu kiini chake katikati ni kinene zaidi. Kisu kikikata pembeni ya kazi, palipo wazi, maranda yanadondoka yenyewe. Ndani ya mfereji yana pa kutokea pawili tu, nyuma ya kisu au juu. Yakisongamana, jino linayakata tena, na mafuta hayafiki chini. Unalisikia kabla hujaliona: sauti inatoka kwenye mvumo wa sawasawa na kuanza kukwaruza.

La pili ni upana wa njia yenyewe, na hili watu hulisahau kabisa. Chukua kisu cha meno mawili kinachosonga mbele ndani ya mfereji. Jino moja likiwa mbele kabisa, pale tonge lilipo nene, mwenzake yuko nyuma hewani, hagusi chochote. Jino linapofika ukutani, mwenzake yuko ukuta wa pili, na wote wawili wakati huo wanakata unene wa karibu sifuri. Kwa hiyo kisu kinapinda kwa sababu ya mzigo wakati hakuna jino linalochora ukuta, na kinapochora ukuta mzigo umeshapungua. Kwa meno manne mambo yanakuwa kinyume. Jino moja likiwa mbele linasukumwa kwa nguvu zote, lingine muda huohuo liko ukutani likichora. Kisu kinapinda kuelekea upande mmoja na ukuta unachongwa kikiwa kimepinda. Njia inatoka pana kuliko mm 10, au inaegemea upande. Kii inayopaswa kugongwa taratibu kwa nyundo ya plastiki inaingia kwa kidole, na puli ya mashine ya mkonge haitakaa na kii ya kidole hata msimu mmoja.

Kuna la tatu dogo: kuanzia katikati ya shafti, pasipo na mwisho wazi, kisu lazima kishuke wima kama kekee. Cha meno mawili mara nyingi kina makali yanayofika mpaka katikati ya uso wake. Cha manne, kigeuze uangalie. Ukiona tundu katikati ya uso, hakishuki. Kitaacha kinundu katikati na kukaa juu yake mpaka kivunjike.

Na huo muda tunaookoa? Njia ilikuwa ya urefu wa mm 60. Toa kipenyo cha kisu, meza inasafiri mm 50 tu. Tulishuka mm 2.5 mara mbili kufika mm 5. Kwa fidi ya 63 kila safari ni sekunde 48. Kwa 125 ni sekunde 24. Tofauti ya safari mbili ni sekunde 48. Kufunga shafti kwenye jiliwa na kuinyoosha kwa saa ya kupimia kulituchukua zaidi ya nusu saa. Nikamwambia kijana sekunde hizo anizawadie mimi.

Pembeni ya bamba: meno manne, na namba inapanda tena

Mchana tukawa na kazi nyingine, bamba la chuma la urefu wa mm 300 na unene wa mm 10 linalotakiwa kupunguzwa pembeni mm 10. Tuligawa katika safari kumi, kila moja kisu kikiingia mm 1 tu kwa ubavu. Hapa hakuna kuta mbili. Upande mmoja uko wazi, maranda yanaruka, na mifuko midogo ya cha manne inatosha na kubaki. Kiini chake kinene sasa ni faida, maana kinapinda kidogo kuliko cha mawili. Na kwa kuwa jino linagusa chuma sehemu ndogo tu ya mzunguko, nyuzi 37 hivi kati ya 360, kuwa na meno manne kunapunguza muda wa kisu kukaa hewani kati ya pigo na pigo. Mtetemo unakuwa mdogo na uso unatoka laini.

Lakini kuna jambo ambalo fomula ya juu hailionyeshi. Tonge la mm 0.04 ni mwendo wa meza kwa jino, siyo lazima liwe unene wa randa. Kisu kikizama nusu ya kipenyo au zaidi, vitu hivyo viwili vinalingana pale tonge lilipo nene zaidi. Kikizama chini ya nusu, jino linapita kwenye ukingo tu, linakata kwa mshazari, na randa linatoka jembamba kuliko `fz`. Kiasi chake unakipata hivi, `ae` ikiwa ni kina cha ubavu na `D` kipenyo:

```
h = fz × 2 × √( (ae/D) × (1 − ae/D) )
```

Kwa mm 1 kwenye kisu cha mm 10, ndani ya mzizi ni 0.1 × 0.9 = 0.09, mzizi wake 0.3, mara mbili 0.6. Yaani randa lina asilimia 60 tu ya nilichodhani. Ukiweka 125 kwa kisu cha manne, unene halisi ni kama mm 0.023, na jino limeshaanza kukaribia kule kwenye kusugua. Ili randa lirudi 0.04 inabidi `fz` iwe 0.04 gawa kwa 0.6, karibu 0.067. Sasa ingiza tena: 0.067 × 4 × 800 ni kama 214. Tukaweka 200 iliyo chini yake.

Kwa cha meno mawili, kwa haki ileile, ni 107, nasi tungeweka 100. Safari moja ya mm 300, pamoja na mm 10 za kuingia na kutoka, ni dakika 1.55 kwa cha manne na dakika 3.1 kwa cha mawili. Safari kumi ni dakika 15 na nusu dhidi ya 31. Hapa robo saa ni robo saa kweli, na bamba za namna hiyo zilikuwa sita.

Tahadhari moja kwa mashine za zamani. Skrubu ya meza ikiwa na mchezo, usiilishe kazi kwa kufuata mzunguko wa kisu. Kisu kitaivuta meza kwa ghafla kiasi cha mchezo huo, na kwa meno yanayotarajia 0.067, kuruka hata mm 0.3 mara moja ni tonge la mara nne na zaidi. Kibao bado kitaandika 200, lakini jino lililopigwa halisomi kibao. Lisha kinyume cha mzunguko, kisu kinavyosukuma meza nyuma na skrubu kuegemea upande mmoja muda wote.

Ukichanganya namba

Mimi mwenyewe nililipia somo hili miaka iliyopita. Nilikuwa nimemaliza kazi ya ubavu na kisu cha meno manne, fidi 125. Nikakitoa, nikafunga cha mawili kuchimba njia ya kii, mteja kasimama mlangoni anapiga soga za korona ya shamba kwao (korona hii ni ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, ya zamani kuliko ugonjwa). Kishikio cha fidi sikukigusa. 125 gawa kwa mara mbili ya 800 ni mm 0.078 kwa jino, karibu maradufu, na kwa uvivu nilikuwa nimeshuka mm 5 zote kwa safari moja. Mashine ilinguruma, sauti ikashuka, halafu *tak*. Kichwa cha kisu kilibaki ndani ya shafti, shingo ikaendelea kuzunguka kama hakuna kilichotokea. Kukichomoa kile kipande kwa patasi na subira kulimaliza alasiri nzima.

Kosa la upande wa pili halina mlio wa namna hiyo, kwa hiyo linaishi muda mrefu karakanani. Funga cha meno manne, acha fidi kwenye 63: 63 gawa kwa 3,200 ni mm 0.0197. Hakuna kinachovunjika. Unasikia mlio mwembamba, kama mtu anapitisha ukucha kwenye sahani. Maranda yanatoka kama unga au nywele fupi badala ya vijipande vilivyojikunja vyenye umbo la koma. Kazi inakuwa ya moto mkononi. Baada ya siku chache kisu hakikati tena na lawama zinamwendea aliyekiuza.

Na la tatu, analolifanya mkerezaji: kisu kinapiga kelele, anashusha spindo kutoka 800 kwenda 400 na kuiacha meza kwenye 125. Anadhani amepunguza ukali. Tonge limepanda kutoka 0.039 hadi 0.078. Kama tatizo lilikuwa kasi, angeshusha vyote kwa pamoja. Kasi iliyozidi utaijua kwa rangi: kwa haispidi, maranda ya chuma laini yakitoka ya bluu, spindo inakwenda mbio mno. Yakitoka ya fedha, au ya manjano kidogo, iache.

Meno mawili kwa macho, moja kwa kazi

Fomula inadhani kila jino linakula sawa na mwenzake. Koleti, ule mshiko wa kisu kwenye spindo, ikichakaa au ikibakiza randa dogo ndani yake wakati wa kufunga, inatosha kuvunja dhana hiyo. Weka saa ya kupimia kwenye shingo ya kisu, zungusha kwa mkono. Tuseme sindano inacheza mm 0.04 jumla, na huo mchezo umeangukia kwenye mstari wa meno ya kisu cha mawili. Jino moja limetokeza mm 0.04 kuliko mwenzake, nalo tonge letu ni 0.04. Lililotokeza linakata 0.08, la pili linakuta hewa. Kisu cha meno mawili kimegeuka cha jino moja, na fidi ya 63 uliyoihesabu kwa makini haina maana tena.

Dalili ni rahisi: jino moja linachakaa na jingine linang'aa kama jipya. Pia sakafu ya mfereji inaonyesha mistari iliyoachana karibu mm 0.08, mara mbili ya ulivyopanga. Asubuhi ile yetu ilicheza mm 0.01 baada ya kuifuta koleti kwa kitambaa chenye dizeli, nikaridhika. Ingegoma kushuka chini ya 0.02, ningehesabu fidi kwa jino moja, nikaweka 31.5 na kuvumilia. Kwa cha meno manne mchezo huohuo unagawanyika kati ya meno mengi, kwa hiyo hatua kati ya jino na jino ni ndogo. Ni moja ya sababu chache za kukipendelea kwenye mashine iliyochoka, alimradi kazi si ya mfereji.

Kama meza unaizungusha kwa mkono

Karakana nyingi za mitaa hii mota ya meza ilishakufa zamani. Hesabu haibadiliki, inabadilika saa. Soma kwenye gurudumu mzunguko mmoja unasogeza meza milimita ngapi. Yetu ni 5. Kwa 63, hiyo ni mizunguko 12.6 kwa dakika, mmoja kwa karibu sekunde tano. Hesabu polepole moja mpaka tano na umalize mzunguko. Kwa 125 ni sekunde mbili na nusu kasoro. Kwa 200 mkono unatakiwa mizunguko 40 kwa dakika, na hapo mtu huchoka akaanza kwenda kwa vipande: anasukuma, anasita, anasukuma. Kila anaposita meno yanasugua. Kwa mkono, basi, kazi ya ubavu ningeifanya na cha manne kwa 125 na kuongeza kina cha ubavu hadi mm 2 badala ya 1. Kwa mm 2 kile kipimo cha mzizi kinakuwa 0.8, randa linarudi karibu mm 0.031, na safari zinakuwa tano badala ya kumi.

Shafti ikiwa imechongwa kutoka ekseli ya lori, kama wengi wanavyofanya ili kuokoa hela, jaribu kwanza kwa tupa. Ikiteleza bila kuuma, haispidi iweke pembeni, hiyo ni kazi ya kisu cha kabaidi, kigumu zaidi. Ikiuma kwa shida, shusha kasi ya ukingo hadi mita 15, spindo inakuja 477 nawe unaweka 500, tonge 0.03, meno mawili: 30, kishikio kwenye 31.5.

Jioni, kabla ya kufunga, tulikipima kile kibao chenyewe. Nilimpa kijana saa, tukachora alama mbili za chaki kwenye meza na kuiacha itembee dakika moja kamili kwenye 63 bila kisu kugusa kitu. Venia ikasoma mm 58. Gawa kwa 1,600: mm 0.036. Akaiandika namba hiyo pembeni ya kibao kwa rangi nyeupe, 58, na chini yake akaandika `z` ikiwa na alama ya kuuliza.